Kwa nini Busia wanasema "ng'ombe yangu imepotea"

Sisi watu wa pwani tukifika Busia au Malaba huwa hatukawii kucheka. Mfanyabiashara anasema "ng'ombe yangu imepotea", nasi tunamsahihisha papo hapo: "ng'ombe wangu amepotea". Nimekaa mpakani huko muda wa kutosha kujua kwamba anayesema hivyo hakosi tu ovyo. Anafuata kanuni, na kanuni hiyo hata sisi tunayo.

Lugha nyingi duniani huyagawa majina katika makundi, kisha maneno mengine ya sentensi hufuata kundi la jina. Kifaransa kina makundi mawili, Kijerumani matatu. Lugha za Kibantu zina mengi zaidi, na shuleni tunayaita ngeli. Kikombe changu kimevunjika. Vikombe vyangu vimevunjika. Alama ya jina inarudi katika kila neno linalolihusu.

Wakhayo na Wasamia wa Busia ni Wabantu kama sisi, na ngeli zao hatuzioni ngeni. Mtu ni omundu, watu ni abandu. Ukivuka upande wa Uganda, kitu kwa Kiganda ni ekintu, na vitu ni ebintu. Tofauti inajitokeza kwa wanyama. Mganda aliyepotelewa na ng'ombe husema "ente yange ebuze". Ente ni ng'ombe, na yange na ebuze zinafuata ngeli ya jina hilo, ile tunayoiita I-ZI. Haijalishi kwamba ng'ombe ana uhai. Lugha za Kiluhya nazo ndivyo zinavyofanya. Kiswahili kilishika njia nyingine: chenye uhai huingizwa A-WA, hata umbo la jina likiwa la ngeli nyingine. Ndiyo maana tunasema kiboko amelala tukimkusudia mnyama, na kiboko kimevunjika tukikusudia fimbo. Ndege ametua mtini, lakini ndege imetua Moi.

Sasa tujisikilize wenyewe. Tunasema "shangazi yangu amefika" na "ndugu zangu wamekuja". Amefika ni ya A-WA, lakini yangu ni ya I-ZI. Shangazi ana uhai kama ng'ombe, na bado hatusemi "shangazi wangu". Katika majina ya jamaa, Kiswahili kimeshika upatanisho wa umbo kwenye neno la kumiliki, huku kitenzi kikifuata uhai. Mtu wa Busia anaifuata kanuni ya umbo mpaka mwisho wa sentensi; sisi tumeibakisha nusu.

Malaba, kaskazini mwa Busia, mambo ni mengine. Wateso si Wabantu, na lugha yao ni ya Kinailoti. Majina yao yana makundi matatu: e- ya kiume, a- ya kike, na i- ambayo hutumika kwa vichanga na vidogo. Mwanamume Mteso ni Etesot, mwanamke ni Atesot, mtoto ni ikoku. Kundi huonekana kwenye jina na kwenye maneno ya kuonyesha, kama lo kwa kiume na na kwa kike. Lakini kitenzi hakibadiliki kwa sababu ya kundi la mtendaji. Mteso anapojifunza Kiswahili, kubadilisha kichwa cha kitenzi kwa kila ngeli ni mazoea mapya kabisa. Si ajabu akachukua i- moja na kuitumia kwa vingi.

Je, kuna hasara? Ipo, na huonekana pale jina linapoachwa. Chukua habari hii: "Lori lilimbeba ng'ombe, halafu likaanguka." Lililoanguka ni lori. Badilisha neno la mwisho, "akaanguka", na aliyeanguka ni ng'ombe. Silabi moja imetosha, hakuna haja ya kurudia jina. Sasa isikilize kwa Kiswahili cha mpakani: "Lori ilibeba ng'ombe, halafu ikaanguka." Kipi kilianguka? Mwenye mali hawezi kujua kama apige simu kutafuta mganga wa mifugo au fundi wa kuinua gari. Hii ndiyo kazi kubwa ya ngeli: kumfuata kila mhusika ndani ya maneno bila kumtaja tena.

Wenyeji hulimudu hilo kwa kurudia jina: "halafu hiyo ng'ombe ikaanguka." Sentensi inarefuka kidogo, maana inabaki. Kwa hiyo ukinunua au kusafirisha mali huko na ukasikia i- inayoweza kuangukia vitu viwili, usisahihishe sarufi. Uliza "ni lori au ni ng'ombe?" kabla hujatoa pesa.