Makato ya mshahara kwa ajili ya shoti na uharibifu wa vifaa

Katika maduka ya Tanzania, upungufu unaoonekana mzigo ukihesabiwa au droo ya fedha ikifungwa huitwa shoti. Kwa desturi hukatwa kwenye mshahara wa waliokuwa zamu, mara nyingi bila karatasi yoyote. Vivyo hivyo kwa friji iliyoungua au mashine ya kahawa iliyopasuka. Makala hii inaeleza jinsi makato ya namna hiyo yanavyopingwa Tanzania Bara, chini ya kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Zanzibar ina sheria yake, Na. 11 ya 2005.

Msimamo wa kifungu hicho ni kwamba mshahara haukatwi. Yanayoruhusiwa ni makato yanayotajwa na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au yale ambayo mfanyakazi mwenyewe ameyakubali kwa maandishi kuhusu deni. Shoti huangukia kundi hili la mwisho, na hata hapo saini peke yake haitoshi. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo. Mwajiri lazima awe amempa maandishi yanayoonyesha chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyopigiwa hesabu, kisha ampe nafasi ya kutosha kuyapinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya malipo yake ya fedha taslimu.

Ukiyasoma masharti hayo kwa mpangilio wake, unaona kwamba makubaliano yanayotakiwa ni ya deni ambalo tayari linajulikana. Ndiyo maana kile kipengele maarufu cha mikataba ya madukani, kwamba mfanyakazi "atawajibika kwa upotevu wowote utakaotokea", ni ngao dhaifu kwa mwajiri. Siku ya kukisaini hakuna chanzo wala kiasi, na hakuna kitu cha kupinga.

Tuchukue mfano wa duka la vipodozi lenye wauzaji watatu, kila mmoja akilipwa shilingi 360,000 kwa mwezi. Makato ya NSSF tuyaache pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Mwisho wa Juni mwenye duka anahesabu mzigo na kutangaza shoti ya 720,000. Anagawa kwa watatu, kila mmoja anakatwa 240,000 na kubaki na 120,000. Kwenye daftari la mishahara wanaambiwa wasaini kwamba wamepokea 360,000.

Kasoro ya kwanza ni kule kugawana. Kosa linalotajwa na sheria ni la mfanyakazi mmoja mmoja, na kugawa kwa tatu ni kukiri kwamba aliyekosea hajulikani. Huenda hakuna aliyekosea kabisa, maana mzigo hupungua kwa njia nyingi: katoni iliyofika pungufu kutoka kwa msambazaji, bidhaa zilizoisha muda na kutupwa, au ndugu wa tajiri aliyebeba sabuni bila kuandika. Mmoja wa wauzaji hao watatu akidai karatasi ya hesabu, anagundua kwamba kila kitu kimepigwa kwa bei ya kuuzia, wakati kwa bei ya kununulia upungufu ni 540,000. Humo kuna pia bidhaa za 150,000 zilizorudishwa kwa msambazaji, na hati yake ipo kwenye faili. Yanayobaki kubishaniwa ni 390,000, na bado hakuna aliyeonyesha nani alisababisha.

Kasoro ya pili ni kiwango. Robo ya 360,000 ni 90,000, kwa hiyo hata kama deni lingekuwa halali na limesainiwa, kukata 240,000 kwa mkupuo kungevuka mpaka. Ya tatu ni ile saini ya daftarini. Kifungu hichohicho kinamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi akiri kupokea zaidi ya alichopokea. Anayelazimika kusaini aandike kwa kalamu, kando ya saini yake, kiasi alichopewa kweli. Meseji ya benki au ya simu inayoonyesha 120,000 zikiingia isifutwe.

Kwa vifaa, ubishi huwa kwenye thamani na chanzo. Friji iliyotumika miaka sita haina bei ya friji mpya, na kama fundi anaweza kuitengeneza, hasara ni gharama ya fundi. Kifaa kilichokufa kwa uchakavu, au kwa umeme uliokuwa ukipanda na kushuka bila kifaa cha kukilinda, hakina kosa la mtumiaji. Karatasi ya fundi inayotaja sababu ina uzito kuliko mashahidi wanaokumbuka nani alikishika mwisho.

Hatua ya kwanza ni barua fupi kwa mwajiri, isiyo na maneno makali: nimekatwa kiasi gani na lini, sikukubali kwa maandishi, naomba chanzo na hesabu, naomba nirudishiwe. Nakala ya mfanyakazi isainiwe na aliyeipokea. Barua haisimamishi muda, na hapo ndipo wengi huumia. Chini ya kanuni za mwaka 2007, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60. Makato ya tarehe 30 Juni yana mpaka wa tarehe 29 Agosti. Aliyeachishwa kazi kwa sababu ya shoti hiyohiyo ana siku 30 tu za kupinga kuachishwa. Anayechelewa huomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F2, akieleza sababu ya kila kipindi alichochelewa, na sababu kwamba "bosi aliahidi kurudisha" mara nyingi haimbebi.

Mgogoro hufunguliwa kwa fomu CMA F1. Humo hujazwa aina ya mgogoro, tarehe ulipotokea na nafuu inayoombwa, ambayo kwa muuzaji wetu ni kurudishiwa 240,000. Mwajiri apewe nakala kabla, na ushahidi wa kumpa uambatanishwe. Mfanyakazi anaweza kuja mwenyewe, au na kiongozi wa chama chake, au na wakili.

Usuluhishi unatakiwa kumalizika ndani ya siku 30, isipokuwa pande zote zikubaliane kwa maandishi kuongeza. Kwa kawaida msuluhishi hatoi hukumu, anasogeza pande mbili zikutane. Kwa kiasi kama hiki kesi nyingi zinastahili kuishia hapa, lakini anayepunguza dai lake ajue kwamba makubaliano atakayosaini yanamfunga. Mlalamikaji asipofika, lalamiko linaweza kutupwa; mlalamikiwa asipofika, linaweza kuamuliwa bila yeye.

Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi, na hapo ushahidi hupokelewa. Swali la kumuuliza mwajiri ni moja: karatasi ya makubaliano iko wapi? Kama hana, mjadala wa nani aliiba sabuni unakosa nafasi, kwa sababu hata hasara ya kweli haimpi ruhusa ya kujilipa. Hakosi njia: anaweza kuitisha kikao cha nidhamu au kudai fidia kwa utaratibu wa kisheria. Wengine hukimbilia polisi na kumtia muuzaji ndani mpaka asaini deni. Wizi ni jinai na una mkondo wake, ila saini ya namna hiyo ielezwe mbele ya mwamuzi ilivyopatikana, siku ipi na mbele ya nani.

Tuzo ikitoka, mwajiri asiyeridhika ana wiki sita kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie. Asipolipa wala kuipinga, mfanyakazi huomba tuzo itekelezwe kama hukumu ya mahakama.