Hatifungani Zinazobadilishika kuwa Hisa: Namna ya Kukokotoa Thamani na Wakati wa Kubadilisha

Hatifungani inayobadilishika kuwa hisa ni hati ya mkopo ambayo kampuni huitoa kwa mwekezaji, ikiambatana na haki ya ziada. Kama ilivyo kwa hatifungani ya kawaida, mwenye hati hulipwa riba kwa vipindi vilivyopangwa na kurejeshewa mtaji wake siku ya kuiva. Tofauti ni kwamba, badala ya kusubiri mtaji huo, anaweza kuisalimisha hati na kupewa idadi maalumu ya hisa za kampuni iliyokopa. Haki hiyo haimo katika hatifungani za Serikali ambazo wananchi wengi wamezizoea kupitia minada ya Benki Kuu ya Tanzania, kwa kuwa Serikali haina hisa za kugawa.

Kwa sababu ya haki hiyo, kampuni hulipa riba ndogo kuliko ambayo ingelipa kwa mkopo wa kawaida. Mwekezaji anapaswa kufahamu anachokinunua kwa riba aliyoiacha, na siku gani haki yake inafaa kutumika. Hati mbili zilizotolewa kwa pamoja na kampuni ya magari ya Tesla ya Marekani mwanzoni mwa Machi 2014 zinaonesha jambo hilo vizuri, kwa kuwa zilianza na masharti yanayofanana lakini zikaishia mahali tofauti kabisa.

Vipimo vitatu vya kuanzia

Hati ya kwanza ya Tesla ilikuwa ya miaka mitano, ya kuiva tarehe 1 Machi 2019, kwa riba ya asilimia 0.25 kwa mwaka. Ya pili ilikuwa ya miaka saba, ya kuiva tarehe 1 Machi 2021, kwa riba ya asilimia 1.25. Kila hati ya Dola za Marekani 1,000 iliweza kubadilishwa kuwa hisa 2.7788. Idadi hiyo ndiyo huitwa uwiano wa ubadilishaji.

Ukigawa dola 1,000 kwa 2.7788 unapata dola 359.87. Hiyo ni bei ya ubadilishaji, yaani bei ambayo mwenye hati anakuwa ameilipa kwa kila hisa iwapo atabadilisha. Kabla ya hati kutolewa, hisa ya Tesla ilikuwa imefunga sokoni kwa dola 252.54. Mwekezaji ambaye angebadilisha siku hiyo angepata hisa zenye thamani ya 2.7788 mara 252.54, sawa na takriban dola 702. Kiasi hicho ndicho thamani ya ubadilishaji.

Mwekezaji alilipa dola 1,000 kwa hati ambayo hisa zake zilikuwa na thamani ya dola 702. Tofauti ya dola 298, ikigawanywa kwa 702, ni asilimia 42.5. Hiyo ndiyo ziada ya ubadilishaji. Inaeleza kwamba bei ya hisa ilipaswa kupanda kwa asilimia 42.5 kabla ya kubadilisha kuanza kuwa na maana. Ziada hiyo hubadilika kila siku: hisa ikipanda hupungua, na hisa ikishuka huongezeka.

Mwekezaji alinunua nini kwa dola 1,000?

Ziada peke yake haitoshi kusema kama hati ni ghali au rahisi. Ni lazima kwanza kujua hati ingekuwa na thamani gani kama isingekuwa na haki ya kubadilishwa. Tuchukulie kwamba wakopeshaji wangedai asilimia 5 kwa mwaka kuikopesha kampuni ya aina hiyo kwa miaka mitano bila haki yoyote ya hisa. Kiwango hiki ni cha mfano, lakini hesabu ndiyo ile ile kwa kiwango chochote.

Dola 1,000 zitakazolipwa baada ya miaka mitano, zikipunguzwa kwa asilimia 5 kila mwaka ili kupata thamani yake ya leo, ni takriban dola 783.50. Riba ya dola 2.50 kila mwaka kwa miaka mitano, ikipunguzwa kwa namna hiyo hiyo, ni takriban dola 10.80. Jumla ni dola 794. Hii ni thamani ya hati kama deni tupu. Inafanya kazi kama sakafu: hata hisa ikianguka, hati haitarajiwi kushuka sana chini ya hapo, kwa sharti kwamba kampuni inaendelea kulipa madeni yake.

Hati haipaswi kuuzwa chini ya kile kilicho kikubwa kati ya thamani ya deni tupu na thamani ya ubadilishaji. Katika mfano huu kikubwa ni dola 794. Dola 206 zilizobaki ndizo bei ya haki ya kubadilisha. Haki hiyo huwa na thamani kubwa zaidi pale ambapo muda uliobaki ni mrefu na bei ya hisa huyumba sana, kwa sababu kuyumba kunampa mwenye hati nafasi ya kunufaika juu huku sakafu ikimkinga chini.

Sharti la kampuni kuendelea kulipa si dogo. Kampuni ya nishati ya jua ya SunEdison ya Marekani ilikuwa na hati za aina hii ilipoomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Aprili 2016. Shida inayoangusha hisa kwa kawaida ndiyo hiyo hiyo inayodhoofisha uwezo wa kulipa deni, hivyo sakafu inaweza kuporomoka wakati ule ule inapohitajika.

Kwa nini kubadilisha mapema mara nyingi ni hasara

Tarehe 7 Agosti 2018 hisa ya Tesla ilifunga kwa dola 379.57, na hivyo kuivuka bei ya ubadilishaji. Thamani ya ubadilishaji ikawa takriban dola 1,055. Hata hivyo, masharti ya hati hayakuwaruhusu wenye hati kubadilisha wakati wowote. Kabla ya tarehe 1 Desemba 2018, moja ya njia za kufungua haki hiyo ilikuwa hisa kufunga juu ya asilimia 130 ya bei ya ubadilishaji, yaani takriban dola 468, kwa idadi maalumu ya siku ndani ya robo ya mwaka. Anayetazama uwiano peke yake bila kusoma masharti anaweza kudhani ana haki ambayo bado haijafunguka.

Baada ya tarehe 1 Desemba 2018 haki ilifunguka. Tarehe 13 Desemba hisa ilifunga kwa dola 376.79, na thamani ya ubadilishaji ikawa takriban dola 1,047. Mtu anayebadilisha na kubaki na hisa anaipoteza sakafu yake. Siku ya mwisho ya Februari 2019 hisa ilifunga kwa dola 319.88, hivyo hisa 2.7788 zilikuwa na thamani ya takriban dola 889. Aliyebaki na hati alilipwa dola 1,000 kamili siku iliyofuata, pale kampuni ilipolipa dola milioni 920 taslimu kwa wenye hati za mwaka 2019.

Je, aliyetaka kuchukua faida ya Desemba angefanya nini? Angeiuza hati yenyewe sokoni. Mnunuzi hulipia thamani ya ubadilishaji pamoja na kinga iliyobaki, ilhali anayebadilisha hupata ya kwanza na kuiachia ya pili bure. Kanuni inayotokana na hapo ni kwamba, maadamu hati inauzwa sokoni kwa bei inayozidi thamani ya ubadilishaji, kuuza ni bora kuliko kubadilisha.

Hati pacha ya mwaka 2021 inaonesha upande wa pili. Agosti 2020 kampuni iligawanya kila hisa moja kuwa tano, na uwiano ukarekebishwa kutoka 2.7788 hadi 13.894 ili mwenye hati asipunjwe. Tarehe 26 Februari 2021 hisa mpya ilifunga kwa dola 675.50. Thamani ya ubadilishaji ilikuwa takriban dola 9,385 kwa hati iliyonunuliwa kwa dola 1,000. Uwiano wa awali na ziada ya awali vilikuwa sawa kwa hati zote mbili. Kilichozitenganisha ni miaka miwili zaidi ya muda.

Hali tatu zinazohitaji kubadilisha

Hali ya kwanza ni siku za mwisho kabla ya kuiva. Ikiwa thamani ya ubadilishaji inazidi kiasi kitakacholipwa, mwenye hati anapaswa kubadilisha, kwa kuwa hakuna muda uliobaki wa kulinda. Kwa hati ya 2021 jibu lilikuwa kubadilisha, na kwa ile ya 2019 jibu lilikuwa kusubiri fedha.

Hali ya pili ni gawio. Mwenye hati hapati gawio hadi awe mwanahisa. Tesla haikuwa ikilipa gawio, hivyo sababu hii haikuwepo kwake. Lakini kama kampuni ingelipa dola 1.50 kwa hisa kwa mwaka, hisa 2.7788 zingeleta takriban dola 4.17 dhidi ya riba ya dola 2.50. Kubadilisha kunafaa pale tu pengo hilo linapozidi thamani ya kinga inayoachwa, na hufanywa muda mfupi kabla ya tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Ukibadilisha miezi kadhaa kabla ya hapo, unaacha riba na kinga bila kupata chochote cha ziada.

Hali ya tatu hutokea pale masharti yanapoipa kampuni haki ya kuziita hati na kuzilipa kabla ya kuiva. Kampuni ikitangaza kulipa dola 1,000 wakati thamani ya ubadilishaji ni dola 1,200, mwenye hati ana muda mfupi tu wa kubadilisha. Akipitwa na siku ya mwisho, atalipwa dola 1,000 na kupoteza dola 200 kwa kila hati. Hasara hii humpata zaidi mwekezaji ambaye mawasiliano yake kwa dalali hayajahuishwa, kwa kuwa taarifa ya wito hutumwa kupitia huko.

Mambo ya kuangalia katika waraka wa matarajio

Kabla ya kununua, mwekezaji anapaswa kutafuta katika waraka wa matarajio uwiano wa ubadilishaji na namna unavyorekebishwa hisa zinapogawanywa, tarehe ambayo haki ya kubadilisha inafunguka na kufungwa, haki ya kampuni kuziita hati, na iwapo malipo ya kubadilisha hufanywa kwa hisa, fedha taslimu au vyote viwili. Kwa hati zinazotolewa kwa umma nchini Tanzania, waraka huo huidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Idhini hiyo huhusu utoaji wa taarifa kwa wawekezaji. Haithibitishi kwamba bei ya hati ni nzuri, na kwa hiyo hesabu ya thamani hubaki kuwa jukumu la mwekezaji mwenyewe na mshauri wake mwenye leseni.