Wakala wa safari wa marafiki wawili, Mombasa: biashara ya mtu mmoja, ubia au kampuni

Marafiki wawili wanaofungua ofisi ya tiketi na safari za Umra katika Mji wa Kale wa Mombasa wana njia tatu kuu za kuisajili: jina la biashara la mtu mmoja, ubia, au kampuni yenye hisa. Usajili wote hufanyika kupitia eCitizen, chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Jina la biashara ni la bei nafuu zaidi, kwa hiyo wengi huanza nalo. Lakini wakala wa safari hukaa na fedha za watu kwa wiki au miezi kabla ya ndege kuondoka, na swali zito ni nani atakayelipa fedha hizo zikipotea.

Biashara ya mtu mmoja haiwafai watu wawili, hata kama cheti kitatoka kwa jina la mmoja. Mwenzake akiwa ameajiriwa kwa mshahara, hana fungu katika faida. Wakiwa wanaendesha biashara pamoja na kugawana faida, mahakama inaweza kuwaona kuwa wabia, kwa sababu sheria hutazama uhusiano wenyewe kabla ya jina lililo kwenye cheti. Hapo yule ambaye jina lake halipo atajikuta anadaiwa, na huku hana karatasi ya kudai fungu lake.

Ubia unasimamiwa na Sheria ya Ubia ya 2012. Kila mbia ni wakala wa mwenzake katika shughuli za kawaida za biashara, na madeni ya biashara yanaweza kufuata mali ya mtu binafsi. Tuchukue mfano. Rafiki mmoja anakaa dukani Ndia Kuu, mwenzake anakutana na wasafiri misikitini. Wasafiri 12 wa Umra wanalipa shilingi 220,000 kila mmoja, jumla 2,640,000. Huyu wa misikitini anampa mtu wa kati shilingi 1,800,000 ili ashike hoteli za Makka na viti vya ndege. Mtu huyo anatoweka. Katika akaunti zimebaki 840,000, na wasafiri wanadai zao zote. Pengo la 1,800,000 wanaweza kulidai kwa mbia yeyote, na watamwandama mwenye mali. Ikiwa wa dukani ana nyumba Makadara, atalipa yeye, kisha amdai mwenzake 900,000 ambazo huenda hana. Kwamba hakujua chochote kuhusu malipo yale hakumwokoi.

Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, kampuni ni mtu wa kisheria kando na wanahisa wake. Katika mkasa uleule wasafiri wangeidai kampuni, na nyumba ya Makadara isingeguswa. Kinga hiyo ina mipaka. Benki au mwenye nyumba ya kupanga akiwataka wakurugenzi waweke dhamana zao binafsi, watalipa. Vilevile mkurugenzi aliyefanya udanganyifu hajifichi nyuma ya kampuni. Na ni wajibu kusema kwamba gharama ya kinga hii huangukia msafiri aliyedunduliza miaka kwa ajili ya safari ile. Kwa hiyo fedha za wasafiri ziwe na akaunti yake, isiyotumika kulipia kodi ya ofisi wala mishahara, na malipo makubwa yahitaji saini za wote wawili.

Kodi nayo inatofautiana. Wabia hulipa kila mmoja kwa fungu lake, kwa viwango vya mtu binafsi. Kampuni mkaazi hulipa asilimia 30 ya faida, na gawio kwa mwanahisa mkaazi hukatwa asilimia 5 zaidi. Kampuni pia hupeleka ripoti ya kila mwaka kwa Msajili. Kwa ofisi inayopokea kamisheni tu, huku msafiri akilipa moja kwa moja kwa shirika la ndege, ubia ulioandikwa vizuri unaweza kutosha. Anayeshika fedha za wasafiri afungue kampuni.

Hisa za nusu kwa nusu ndizo marafiki huzipenda, nazo ndizo hukwama: wakitofautiana, hakuna mwenye kura ya kuamua. Mkataba wa wanahisa useme mapema nani atasuluhisha, na anayetaka kuondoka atauza hisa kwa nani na kwa bei ipi. Mkataba huohuo uguse kifo. Ubia kwa kawaida huvunjika mbia anapofariki, isipokuwa wameandikiana vingine. Kampuni huendelea, lakini hisa huingia katika mirathi. Kwa familia ya Kiislamu inayokwenda mbele ya Kadhi, hisa za marehemu zinaweza kugawanywa kwa mjane, watoto na wazazi, na rafiki aliyebaki akajikuta ofisini na wanahisa watano au sita. Kipengele kinachompa haki ya kwanza ya kuzinunua, kwa thamani itakayopimwa na mhasibu waliyemkubali wote, huwapa warithi fedha zao na kumwachia yeye ofisi.