Amelefti: historia fupi ya mlango wenye kengele

Kiswahili cha mjini kimejipatia kitenzi ambacho kamusi bado zinakikodolea macho: kulefti. "Jamaa amelefti grupu." Ukisikia hivyo hutauliza jamaa kaenda wapi, utauliza kakasirika nini. Mtu kuondoka ukumbini ni jambo la kawaida tangu dunia iumbwe, sasa imekuwaje kuondoka kwenye grupu la wafanyakazi kuhesabike tangazo la vita? Jibu limo kwenye historia ya chombo chenyewe. Na ukiijua historia hiyo, unajua pia namna ya kukaa mbali na zogo la saa 6 usiku bila wenzako kukutenga.

Turudi Finland, mwaka 1988. Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Oulu, Jarkko Oikarinen, alitengeneza mfumo wa watu wengi kuongea kwa maandishi kwa wakati mmoja kupitia kompyuta. Ukaitwa IRC. Vyumba vya maongezi vikasambaa dunia nzima, na makundi yote tunayoyatumia leo ni wajukuu wake. Chumba cha IRC kilikuwa na kengele mlangoni: ukiingia, mstari mmoja unawaambia wote fulani kaingia. Ukitoka, mstari mwingine unasema fulani katoka.

Lakini kengele ile haikumtisha mtu, kwa sababu mbili. Kwanza, kila mtu alikuwa anatoka. Ukizima kompyuta ukalale, umetoka. Mistari ya kutoka ilipita mingi kwa siku na haikuwa na maana yoyote zaidi ya "kalala huyo". Pili, mfumo haukuweka akiba. Yaliyosemwa ukiwa haupo yalikupita moja kwa moja, kama maongezi ya kijiweni. Hukuamka asubuhi ukiwa na deni la ujumbe 200, na hakuna aliyeweza kukuuliza kwa nini ulisoma ukanyamaza.

Tena IRC ilikuwa na kitu cha adabu sana. Kama unaacha kompyuta wazi lakini wewe haupo, unaandika hivi:

```
/away Nimelala, narudi asubuhi
```

Atakayekuandikia faragha anajibiwa na mfumo wenyewe kwa maneno hayo hayo. Ni kama kumwachia jirani ujumbe: mgeni akija, mwambie nimetoka. Ukimya wako ulikuwa na maelezo, na ukimya wenye maelezo haumuudhi mtu. Mwaka 1996 ikaja ICQ, na baadaye Yahoo Messenger iliyojaza mabenchi ya intaneti kafe zetu, zote zikiwa na alama za namna hiyo: nipo, sipo, nina shughuli, usinisumbue. Kaka na dada zetu waliolipa kwa nusu saa kafe wanazikumbuka.

Sasa hapa ndipo historia inapochekesha. WhatsApp, ambayo leo inatunyima usingizi, ilizaliwa kama tangazo la "sipo". Mwaka 2009 Jan Koum, mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa amefanya kazi Yahoo, alichoka kukosa simu za watu akiwa mazoezini. Akawaza programu itakayoonyesha pembeni ya jina la kila mtu kwenye simu hali yake ya wakati huo: yuko kazini, betri inakaribia kuisha, yuko kikaoni. Ndiyo hivyo tu, haikuwa ya kutumiana ujumbe. Katikati ya mwaka huo Apple iliruhusu programu za iPhone kumshtua mtumiaji hata kama hajazifungua, na kila mtu akibadili hali yake, wenzake wanashtuliwa. Watu wakaanza kuzitumia zile hali kujibizana na kutaniana. Koum akaona kumbe ametengeneza chombo cha maongezi, akakigeuza kuwa hivyo.

Makundi yakaja mwaka 2011. Na angalia kilichochukuliwa na kilichoachwa. Kengele ya mlangoni ilichukuliwa: ukitoka, mstari unatokea mbele ya wote. Lakini humu hakuna anayetoka kwenda kulala. Simu imo mfukoni, haizimwi, nawe ni mwanachama hadi ubonyeze mwenyewe. Kwa hiyo mstari ule ule ambao kule ulimaanisha "kalala", huku ukamaanisha "amesusa". Kitenzi chetu kikazaliwa hapo.

Akiba nayo ikaongezwa: yote yaliyosemwa yanakusubiri. Kisha Novemba 2014 zikaja tiki za bluu. Kelele zilipopigwa, wakaweka njia ya kuzizima, ila njia hiyo haifanyi kazi kwenye makundi. Ndani ya grupu, aliyeandika anaweza kuushikilia ujumbe wake, akafungua maelezo, akasoma orodha ya waliousoma na ambao bado. Na mwaka 2017 ile "hali" ya Koum iligeuzwa kuwa picha za kupotea baada ya saa 24, maandishi ya zamani yakasukumwa kwenye ukurasa wa wasifu ambako hakuna anayechungulia. Kengele imebaki, daftari la mahudhurio limeongezwa, ile kauli ya "nimelala, narudi asubuhi" imepotea. Ugomvi wetu mwingi unatoka kwenye pengo hilo.

Chukua kisa hiki alichonisimulia mwandishi mwenzangu, cha mwaka 2019, kwenye gazeti ambalo halina haja ya kutajwa. Grupu la wafanyakazi, watu 38. Saa 4 na nusu usiku mtu akaweka ukurasa wa mbele wa kesho yake, picha ikiwa na maelezo ya picha nyingine. Dawati la picha likalaumu wasanifu wa kurasa, wasanifu wakalaumu dawati la habari. Mpaka saa 7 kasoro, watu walikuwa wanakumbushana posho za safari za mwaka juzi.

Watu watatu walikaa pembeni, kila mmoja kwa namna yake. Wa kwanza alilefti saa 5 na nusu. Mstari ukatokea, na kuanzia hapo ugomvi ukaacha picha ukamgeukia yeye: anajiona nani? Wa pili alisoma kila kitu bila kuandika neno. Mmoja wa wagombanao akafungua orodha ya waliosoma, akaliona jina lake, na asubuhi pande zote mbili zilikuwa zinamnunia kwa kutowatetea. Wa tatu hakufungua kabisa. Saa 2 na robo asubuhi aliandika: "Habari za asubuhi. Nimeyaona sasa hivi. Picha ilipita mezani kwangu saa 12 jioni, nakuja na nakala kikaoni." Hakuna aliyemsema, na kikaoni yeye ndiye aliyesikilizwa.

Tofauti kati yao siyo nani aliongea zaidi wakati wa ugomvi, maana wote watatu walinyamaza. Wa tatu peke yake ndiye ambaye ukimya wake ulikuwa na maelezo. Alikuwa ameshazoesha watu kwamba baada ya saa 3 usiku hayupo, na kwamba asubuhi lazima atajibu. Ameirudisha ile amri ya IRC kwa mkono.

Nawe unaweza kuirudisha. Siku ya utulivu, siyo siku ya ugomvi, andika mara moja tu: "Jamani, usiku simu yangu haina sauti. Kukiwa na dharura ya kazi nipigieni." Ile "nipigieni" ndiyo inayobeba uzito wote, kwa sababu inaonyesha umefunga dirisha lakini mlango uko wazi. Kisha nyamazisha grupu moja kwa moja, chaguo lililokuja mwaka 2020, na uliweke kwenye kumbukumbu. Tangu 2021 grupu lililowekwa huko halirudi juu kila mtu anapoandika. Ukitajwa kwa jina au ukijibiwa, utaona alama. Asubuhi fungua mara moja, jibu yale yanayokuhusu, ukibonyeza ujumbe husika ili jibu lisielee hewani. Jibu moja la kila asubuhi linakujengea heshima kuliko vicheko hamsini vya usiku.

Ukitajwa katikati ya zogo, andika sentensi moja: "Nimeona, tuongee asubuhi ofisini." Usihamie faragha kumwambia upande mmoja kwamba uko nao. Picha ya skrini haichelewi kusafiri.

Ila kuna shimo moja kwenye mbinu hii, na ndilo linalowatumbukiza wengi. Kwetu mtu hatengwi kwa kukosa ugomvi. Anatengwa kwa kukosa msiba. Taarifa ya mwenzenu kufiwa na mzazi inapita katikati ya utani wa mpira, umenyamazisha, unaiona baada ya siku 3 watu wakiwa wamesharudi kuzika. Hapo hakuna tiki itakayokutetea. Dawa yake ni ya kizamani: mwombe mwenzako mmoja unayemwamini akupigie kukiwa na msiba, ugonjwa au mchango. Nawe ukisikia, usiishie kuandika pole kwenye grupu. Piga simu, nenda, mkabidhi mweka hazina mchango wako mapema. Anayeonekana msibani hakuna anayemuuliza kwa nini usiku hakuwemo.

Kama grupu lina msimamizi msikivu, mpendekezee kuligawa. Tangu 2018 inawezekana grupu wakaandika wasimamizi peke yao. Ratiba na maagizo ya kazi vikae huko, soga zibaki kule kwa anayezitaka. Hapo kutokuwepo kwenye soga hakutakuwa kutokuwepo kazini.

Agosti 2022 wenye WhatsApp walikubali kengele ilikuwa kubwa mno. Sasa ukitoka wanajulishwa wasimamizi tu. Usishangilie sana lakini: majina ya waliotoka yanaonekana kwenye orodha kwa siku 60, na kwenye ofisi ya watu 38 msimamizi ndiye huyo huyo mkuu wako. Kengele imepunguzwa sauti, haijang'olewa.

Kuna walioona dawa ni sheria. Ufaransa, tangu 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutoshikika simuni baada ya kazi. Australia nayo ilianza haki ya namna hiyo Agosti 2024. Bosi anayetumia grupu kama daftari la mahudhurio saa 5 usiku anahitaji kweli sheria, au angalau makubaliano ya maandishi, maana kwake ustaarabu wako hautasaidia. Lakini sheria itakulinda usifukuzwe kazi. Haitamfanya mwenzako akuachie nafasi kwenye benchi la chai, hiyo unaitafuta mwenyewe asubuhi kwa salamu.