Bomba linapopita kwenye sakafu ya bafu la juu: jinsi ya kuzuia maji yasishuke darini

Msikilizaji mmoja wa Mnyambe alitupigia simu wakati wa kipindi cha nyumba na makazi. Msimu wa korosho ulimwendea vizuri, akapandisha ghorofa moja: chini fremu mbili za duka, juu vyumba viwili na bafu. Kwa miezi kadhaa mambo yalikuwa sawa. Maji ya bomba yalipokuwa hayatoki, familia ilikuwa inaoga kwa ndoo na kumwaga kidogo. Mvua zilipoanza na tangi la paa likajaa, wakaanza kuoga kwa bomba la mvua. Wiki ya pili dari ya fremu ikatoa duara la rangi ya chai, kisha tone likaanguka juu ya magunia ya unga. Fundi aliitwa, akapaka saruji kwa chini, akapaka na rangi. Baada ya siku tatu duara likarudi mahali palepale.

Nilikwenda kuliangalia bafu hilo pamoja na fundi bomba wa Newala mwenye uzoefu wa miaka mingi. Makala haya yanaeleza alichonionyesha, kwa sababu tatizo la nyumba ile liko katika nyumba nyingi za ghorofa zinazojengwa sasa huku kwetu Makonde.

Fundi alianza kwa kutafuta maji yanatoka wapi. Maji yanayoanguka darini yanaweza kutoka sehemu tatu. Bomba la maji safi likivuja, tone huanguka usiku na mchana hata kama hakuna anayeoga, maana ndani yake kuna msukumo muda wote. Kiungo cha bomba la maji machafu kikiwa hakijashika gundi, tone huja mara tu mtu anapomwaga maji chooni, kisha hukoma. Sakafu yenyewe ikipitisha maji, tone huchelewa: mtu anaoga saa kumi na mbili asubuhi, dari inaanza kulia saa mbili au saa tatu. Mwenye nyumba alipoulizwa alijibu bila kusita kwamba maji huja baada ya chai. Fundi akamwaga ndoo mbili moja kwa moja ndani ya bakuli la choo, tukashuka chini, pakavu. Kisha akaziba mdomo wa mfereji wa sakafuni kwa tambara na kumwaga maji sakafuni tu. Baada ya saa moja na nusu tone likaanguka, kando kabisa ya bomba la choo la inchi 4 linapotokea chini ya zege. Pembeni ya bomba palikuwa na ukungu mweupe kama chumvi. Ule ni chokaa ya saruji, ambayo maji huibeba yanapopita ndani ya zege na kuiacha yanapokauka. Ukiuona umezunguka bomba kama pete, ujue njia ya maji iko pale.

Kwa nini pale? Saruji haishikani na plastiki. Unaweza kuijaza vizuri kiasi gani, ikikauka inasinyaa kidogo na kuachia uwazi mwembamba kama unywele kulizunguka bomba. Halafu bomba nalo halitulii. Bomba la plastiki la mita 3 linaloshuka kwenye ukuta unaopigwa na jua, joto lake likipanda kwa nyuzi 20 hurefuka kwa takribani milimita 4. Zege la urefu huohuo halifikishi milimita 1. Kila siku bomba linavutana na sakafu, na ule unywele unakuwa ufa. Marumaru za juu hazisaidii, kwa sababu maji hupita kwenye maungio yake na kutambaa chini yake hadi yapate tundu. Na kupaka saruji kwa chini, kama alivyofanya yule fundi wa kwanza, ni kuziba mdomo wa gunia lililotoboka: maji yako juu tayari, yatatafuta pengine pa kutokea.

Basi kazi yote ni kuziba kutoka juu, na kuziba kwa kitu kinachonyumbulika. Ilibidi marumaru zinazolizunguka bomba zivunjwe. Kwa anayejenga upya kazi ni hiihii, ila bila hasara ya kuvunja.

Tulikuta tundu lililochimbwa kwa nyundo na tindo baada ya zege kumwagwa, pana kuliko bomba mara mbili, limejazwa vipande vya tofali na karatasi ya mfuko wa saruji. Fundi alicheka, akasema hilo ni kapu, si sakafu. Alitoa takataka zote hadi zege gumu, akaparuza kingo, akaziosha. Lenye kufaa ni nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kulizunguka bomba, iwe ya kutosha kujazwa vizuri. Ndiyo maana ni bora kuweka kipande cha bomba kubwa zaidi kwenye nondo kabla ya kumwaga zege, tundu likapatikana bila kuchimba. Bomba lenyewe lazima lifungwe kwa vishikio ukutani chini ya zege lisichezecheze. Bomba linalotikisika litararua kila utakachoweka.

Kisha aliligongea ubao kwa chini, akalowesha kingo, akajaza zege laini la kokoto ndogo lililochanganywa unga maalumu wa kuzuia kusinyaa, ule unaouzwa kwenye maduka ya ujenzi ya mjini. Hakujaza hadi juu. Aliacha kijifereji cha sentimita 1 kwa upana na sentimita 1 kwa kina kulizunguka bomba. Zege lilipokauka, akaukwaruza ukuta wa bomba kwa msasa ili upoteze ung'avu wake, akajaza kijifereji hicho kwa gundi ya kunyumbulika inayokaa kama mpira. Hapa kuna kosa ambalo mafundi wengi hulifanya: wanatumia silikoni ya kawaida ya madirisha. Silikoni inazuia maji, lakini dawa ya kupaka sakafuni haishiki juu yake, inachubuka kama ngozi ya vitunguu. Mwuliza mwuzaji gundi ambayo dawa ya sakafu inaweza kupakwa juu yake, na usome maelezo kwenye kopo.

Sasa inakuja kola. Ni ukosi wa shati, tena kwa maana ileile: kitambaa cha kushika shingo ya bomba kisha kulala mabegani, yaani sakafuni. Zipo za dukani zenye mpira katikati, unauvuta ukapita juu ya bomba na kujikaza. Huku kwetu si rahisi kuzipata, kwa hiyo fundi aliitengeneza kwa kitambaa cha nyuzi kinachouzwa pamoja na dawa. Alikata utepe wa upana wa sentimita 15, urefu wa kulizunguka bomba na kuzidi kidogo. Nusu ya juu aliifunga kwenye bomba, nusu ya chini akaikata vipande kama majani na kuyalaza sakafuni. Juu yake akaweka kipande cha mraba cha sentimita 30 kila upande chenye tundu la bomba katikati, ili majani yafunikwe na nafasi baina yao ipotee.

Kola haikai juu ya dawa kavu. Dawa aliyotumia ni ya sehemu mbili, unga wa saruji na kimiminika cheupe kama maziwa, na hukorogwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko. Alipaka mkono wa kwanza, na ungali mbichi akakilaza kitambaa ndani yake, akakikandamiza kwa brashi hadi hewa yote itoke na kitambaa kilowe. Povu likibaki chini, pale ndipo patakapopasuka. Mkono wa kwanza ulipokauka alipaka wa pili kwa kukatisha, yaani wa kwanza ukienda kulia na kushoto, wa pili uende mbele na nyuma. Dawa ilipanda kwenye bomba sentimita 5 juu ya mahali ambapo marumaru zitafika, na kwenye kuta zote sentimita 15. Kwenye kuta za sehemu ya kuogea ilipanda hadi juu ya kichwa.

Mfereji wa sakafuni una utaratibu tofauti. Bomba la choo unalipandishia dawa kwenda juu, lakini mfereji wa sakafuni unaishushia dawa ndani ya mdomo wake, kwa sababu maji yaliyopenya chini ya marumaru lazima yapate njia ya kuingia humo. Mdomo ukiwekwa juu kuliko zege, maji hayo hukaa pale kama bwawa, wiki hadi wiki.

Baada ya dawa kukauka kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko, na kabla ya marumaru, kuna jaribio ambalo huku kwetu halipendwi kwa sababu ya maji. Unaziba mifereji, unajenga kizingiti kidogo mlangoni na kusimamisha maji kwa saa 24. Bafu letu lilikuwa mita 2 kwa mita 1.5. Ukisimamisha maji ya kina cha sentimita 4, ni lita 120, yaani madumu 6 ya lita 20. Nyanda zetu hizi za Makonde hazina maji karibu, na nani asiyekumbuka bibi akiteremka bondeni na ndoo kichwani? Lakini maji hayo hayapotei. Kesho yake unayachota ukayatumie kumwagilia zege jingine au kusafishia choo. Tulipiga mstari wa penseli ukutani penye usawa wa maji. Maji yakishuka chini ya alama kidogo tu, inaweza kuwa ni kukauka kwa joto. Yakishuka sana, au dari ikilowa popote, tafuta na uzibe kabla ya kuweka marumaru. Wa kwetu hawakuona kitu siku ile wala keshoye, zaidi ya mbu.

Zege likiwa limepasuka kati ya nguzo, kola haitakusaidia, maana dawa itavutwa na ufa. Na ikiwa bado una kazi ya kufunga bakuli la choo, usimruhusu fundi atoboe sakafu kwa drili kwa ajili ya boliti kama ilivyo desturi. Kila boliti ni tundu jipya ndani ya dawa uliyogharimia. Kama hakuna namna nyingine, tundu lijazwe gundi ileile ya kunyumbulika kabla ya boliti kuingia, na liwe fupi lisiotokea chini.

Mwenye nyumba alinionyesha alichonunua: dawa, kitambaa na makopo mawili ya gundi. Alisema angeyanunua wakati wa kujenga, magunia yake manne ya unga yasingeoza.