Taa Kuzimika na Deni Kulimbikizwa: Kuhesabu Ucheleweshaji katika Sola ya Malipo ya Kidogo Kidogo

M-KOPA ilipoanza biashara nchini Kenya mwaka 2012, mitambo yake ya sola ya nyumbani ilifungwa na kufunguliwa kwa laini ya simu iliyowekwa ndani yake. Ipo mitambo mingine isiyo na mawasiliano yoyote, ambayo hufunguliwa kwa tokeni, yaani mfuatano wa tarakimu ambao mteja hupokea kwa ujumbe mfupi baada ya kulipa na kuubofya kwenye mtambo. Tarakimu hizo hukokotolewa kutokana na ufunguo wa siri wa mtambo husika, idadi ya tokeni zilizokwisha kutolewa na siku zilizonunuliwa. Ndiyo maana tokeni ya jirani haifungui mtambo wa mwingine, wala iliyotumika haitumiki tena. Kwa kuwa mtambo wa aina hii haurudishi taarifa, muuzaji hujua hali ya mteja kupitia daftari la malipo peke yake.

Hapo ndipo muuzaji anaweza kukosea, kwa kumhesabu kila ambaye siku zake zimekwisha kuwa mdaiwa sugu. Tuchukue mkataba wa kubuni wa shilingi 50 kwa siku, kwa siku 365. Mteja wa kwanza, tuseme mchuuzi wa samaki, hulipa shilingi 350 kila baada ya siku kumi, hivyo hupata mwanga siku saba na kukaa gizani siku tatu. Mteja wa pili hulipa kila siku bila kukosa hadi siku ya 162, kisha hunyamaza, hatumi tena hata shilingi. Siku ya 180, ambapo kila mmoja alipaswa kuwa amelipa shilingi 9,000, wa kwanza amelipa 6,300, sawa na asilimia 70, na wa pili 8,100, sawa na asilimia 90. Wote wawili wamefungiwa. Asilimia humpendelea wa pili, ilhali wa kwanza, akiendelea hivyo, atamaliza deni baada ya siku 520 hivi, na ukimya wa wa pili unaweza kumaanisha kuwa betri imekufa, amehama au ameacha kulipa kabisa. Kwa hiyo asilimia ya makusanyo haina budi kusomwa pamoja na siku za ukimya, na ukimya wenyewe upimwe kwa mwendo wa kawaida wa mteja huyo.

Daftari nalo lina kasoro yake: huanza kuhesabu siku fedha zinapoingia, ilhali mtambo huanza tokeni inapobofywa. Aliyelipia siku saba Jumatatu na kubofya Alhamisi ataonekana amefungiwa kuanzia Jumatatu inayofuata huku taa zake zikiwaka. Malipo yaliyotumwa kwa namba ya akaunti isiyo sahihi nayo humfanya aliyelipa aonekane hakulipa, kwa hiyo fedha zisizo na mwenyewe zipatanishwe kabla orodha ya wadaiwa haijakabidhiwa kwa wakusanyaji. Kumng'olea mtu mtambo kwa sababu tu umefungwa ni uamuzi usio na ushahidi wa kutosha.