Siku SL Ilikosa Mtu wa Kuisikiza

Wiki jana kijana wa mtaani kwetu alinitumia skrinshoti ya akaunti yake ya foreksi. Dola 150, leveraji 1:500. Hizo pesa zilitoka kwa apu mbili za mikopo za simu. Nikamuuliza, sasa hii ikienda mrama utalipa na nini? Akajibu chapuchapu: "Tulia buda, mimi huweka SL."

Hilo jibu nalijua kwa sababu nilikuwa nalo mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla niache. Nitafika hapo. Lakini kwanza nataka kuwarudisha nyuma hadi Alhamisi, tarehe 15 Januari 2015, saa sita na nusu mchana kwa saa za Nairobi. Wengi wenu mlikuwa primari. Siku hiyo watu wazima walioweka SL, na wengine ambao kazi yao ni hii miaka yote, walijua hiyo SL inafanya nini hasa.

Stori inaanza 2011. Ulaya ilikuwa na shida ya madeni, Ugiriki inayumba, na kila mwenye pesa nyingi alitaka kuzificha mahali salama. Mahali salama pa Wazungu ni faranga ya Uswizi. Watu wakainunua hadi ikapanda bei kupita kiasi, yuro moja ikakaribia kuwa sawa na faranga moja. Kwa Uswizi hiyo si raha. Wao huuza saa, dawa na mashine kwa majirani wanaolipa kwa yuro, na faranga ikipanda, bidhaa zao zinakuwa ghali. Kwa hivyo tarehe 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswizi ikatangaza kwamba yuro haitaruhusiwa kushuka chini ya faranga 1.20. Ikishuka, benki itachapisha faranga na kununua yuro bila kikomo. Bila kikomo, hayo ndiyo waliyosema.

Sasa jiweke kwa viatu vya treda wa wakati huo. Unafungua skrini, EURCHF iko 1.2010. Chini kuna ukuta wa 1.20 uliojengwa na benki kuu yenye mashine ya kuchapisha pesa. Juu kuna nafasi wazi. Yaani ukinunua, hasara yako inaonekana ni kidogo sana na faida haina mpaka. Shida ilikuwa moja tu: bei ilikuwa haisogei. Ukiweka faranga 2,000 zako na bei ipande hadi 1.2050, unapata kama faranga 7. Hiyo hata hailipi chai ya huko Uswizi.

Hapo ndipo mkopo wa broka unaingia. Leveraji ni mkopo, hata kama hakuna fomu umejaza. Broka anasema, niachie hizo 2,000 kama dhamana, nami nitakuruhusu ushike yuro 100,000. Hiyo ni mali ya faranga 120,100, karibu mara 60 ya pesa zako. Sasa bei ikifika 1.2050 unapata faranga 400, asilimia 20 ya mtaji wako. Na kwa sababu wewe si mjinga, unaweka SL kwa 1.1990, chini kidogo ya ukuta. Ikigusa hapo, unapoteza faranga 200 basi. Kupata 400, kupoteza 200, na benki kuu iko upande wako. Mimi ningeingia. Hata wewe.

Tarehe 12 Januari 2015, naibu mkuu wa benki hiyo, Jean-Pierre Danthine, alisema hadharani kwamba hiyo 1.20 lazima ibaki nguzo ya sera yao. Siku tatu baadaye wakaiondoa, bila notisi. Na kusema ukweli hawangeweza kutoa notisi. Wangesema wiki moja mapema, kila mtu angewauzia yuro zake zote siku hiyo hiyo.

Ndani ya dakika chache yuro ilikuwa imeporomoka hadi chini ya 0.90 kwenye skrini nyingi. Kabla siku iishe ikatulia karibu na 1.00.

Turudi kwa yule treda wetu na SL yake ya 1.1990. Wengi hufikiria SL ni kama ngazi ya simiti, bei ikifika pale inasimama. Hapana. SL ni agizo tu: bei ikigusa hapa, niuzie kwa bei ya kwanza itakayopatikana. Kuuza kunahitaji mtu wa kununua. Na kwa hizo dakika, nani angenunua yuro kwa 1.19 wakati kila mtu ameona ukuta umeanguka? Mabenki makubwa ambayo kwa kawaida huweka bei za kununua yalizitoa zote. Kati ya 1.20 na huko chini kulikuwa na shimo tupu. Agizo lako liliruka shimo na kupata mnunuzi huko ng'ambo.

Tuseme wewe umebahatika, umeuziwa kwa 1.00. Ulinunua yuro 100,000 kwa faranga 120,100, umeziuza kwa 100,000. Hasara ni 20,100. Ulikuwa na 2,000. Kwa hivyo zako zimeisha na bado una deni la faranga 18,100 kwa broka. Si kufilisika tu, ni kufilisika na kudaiwa mara tisa ya ulichokuwa nacho asubuhi.

Haya si mahesabu ya kuogofya watoto. Broka mmoja mkubwa wa Marekani, FXCM, alitangaza kwamba wateja wake kwa jumla walikuwa wamepita sifuri kwa dola milioni 225. Hizo ni pesa ambazo broka mwenyewe alitakiwa kuzilipa kwa mabenki kwanza, kisha ndio aanze kuwafuata wateja. Kesho yake alikopa dola milioni 300 kwa kampuni ya Leucadia ili asifunge. Alpari ya Uingereza haikupata wa kuikopesha, ikatangaza kufilisika hiyo Ijumaa. Mashabiki wa West Ham mtawakumbuka, jina lao ndilo lilikuwa kifuani mwa jezi msimu ule.

Sasa mlinganishe na mtu wa kuchosha. Huyu alichukua faranga zake 2,000 siku ile ile, bila mkopo, akanunua yuro 1,665 kwa bei ile ile ya 1.2010. Ukuta ukaanguka, bei ikawa 1.00, yuro zake zikawa na thamani ya faranga 1,665. Amepoteza 335. Inauma, lakini anakula na analala. Halafu tarehe 19 Aprili 2018, EURCHF iligusa 1.20 tena. Miaka mitatu na miezi mitatu baadaye, huyo jamaa alikuwa na faranga zake 1,998. Angeweza kuuza na kuenda zake. Wote wawili walikosea kitu kimoja, siku moja, bei moja. Mwenye mkopo hakuwa na nafasi ya kusubiri, kwa sababu si yeye aliyekuwa anaamua biashara inafungwa lini.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo wale wa magari ya kukodisha kwenye video hawawaambii. Wanasema leveraji inazidisha faida na hasara sawasawa. Kwa trade moja, ndiyo. Ukiendelea kucheza, hapana. Chukua shilingi 10,000 na ukope mara 30, ushike mali ya 300,000. Bei ikishuka asilimia 2, umepoteza 6,000. Umebaki na 4,000. Ukope tena mara 30, ushike 120,000, na bei ipande asilimia 2. Umepata 2,400. Jumla 6,400. Soko limeshuka mbili na kupanda mbili, karibu liko palepale, na wewe umepoteza zaidi ya theluthi. Anza na ushindi ukitaka: 10,000 inakuwa 16,000, kisha unapoteza asilimia 60 ya hiyo, unabaki na 6,400. Ni ile ile. Bila mkopo ungebaki na shilingi 9,996.

Utasema, mimi sitapunguza, nitashikilia ile ya kwanza hadi irudi. Sawa, lakini broka hatakungoja. Dhamana yako ikishuka chini ya kiwango chake, anafunga. Na hapo ndipo mimi naingia kwa hii stori.

Nilikuwa na dola 200. Nusu ilikuwa karo, nusu mkopo wa simu. Nikanunua loti 0.2 ya EURUSD, yaani yuro 20,000. Mali ya dola 22,000 hivi kwa mtu aliyekuwa anakula chapo na maharagwe mara moja kwa siku. Na ujue tofauti ya bei ya kununua na kuuza hutozwa kwa mali yote, si kwa mtaji wako. Kila nikifungua nilikuwa naanza nikiwa chini dola 4. Hiyo ni asilimia 2 ya pesa zangu kabla soko lipepese jicho, na kuna wiki nilifungua na kufunga mara kumi. Hiyo ni dola 40 zimeenda kwa broka tu.

Siku yenyewe sikuweka SL, nilisema nitaangalia mwenyewe. Bei ikashuka chini kidogo ya asilimia 1. Si mporomoko, si habari, ni Jumatano ya kawaida tu. Akaunti ikajifunga yenyewe zikiwa zimebaki dola 22. Jioni bei ilikuwa imerudi juu ya pale niliponunua. Nilikuwa sahihi kuhusu soko, manze! Nilikaa kitandani hosteli nikiangalia chati inapanda bila mimi, na apu ya mkopo inanikumbusha zimebaki siku tisa. Mamangu alijua kuhusu karo mwezi wa mitihani.

Ulaya wenyewe walijifunza kitu. Tangu Agosti 2018 broka aliye chini ya sheria zao haruhusiwi kumpa mteja wa kawaida zaidi ya 1:30 kwa sarafu kubwa, na mteja hawezi kudaiwa zaidi ya alichoweka. Hiyo ya pili ingewaokoa watu wa 2015 na madeni. Haingewaokoa na kupoteza zile 2,000. Na deni la apu ya simu halimo humo.

Yule kijana nilimwambia kitu kimoja tu, afungue EURCHF kwa simu yake, aweke mishumaa ya wiki, arudi hadi Januari 2015. Akakaa kimya kama dakika kumi. Kisha akaniandikia: "Buda, hapa kuna laini ndefu imeshuka wima. Ni netiweki ilipotea ama?"